Mipaka ya Uthibitisho wa Mtafsiri: Cheti cha Ndoa Kilichopigwa Picha

Makala hii inafafanua kile ambacho uthibitisho huongeza katika tafsiri ya cheti cha ndoa cha Kiswahili kinachoambatishwa kwenye ombi la uhamiaji nchini Marekani. Kanuni za nchi hiyo hudai tafsiri kamili ya Kiingereza, ambayo mtafsiri ameithibitisha kuwa timilifu na sahihi, pamoja na tamko lake kwamba ana umilisi wa kutafsiri kutoka lugha ya hati kwenda Kiingereza. Hazimtaki awe amesajiliwa na mahakama wala na chama cha kitaaluma. Kwa hiyo, kinachowekwa dhamana hapa ni saini yake tu.

Ugumu huanzia kwenye picha. Tuchukue mfano wa cheti cha Tanzania kilichojazwa kwa mkono, kikapigwa picha kwa simu. Muhuri umefunika sehemu ya namba, ukingo wa chini umekatwa, na tarehe ni 03/07/2014. Mtafsiri makini huomba kwanza picha nyingine iliyopigwa kutoka juu, pembe zote nne zikionekana, na ya upande wa nyuma pia. Tarakimu zikiendelea kufichwa na muhuri, huandika ndani ya mabano kwamba hazisomeki. Hazijazi kutoka kwenye fomu ya ombi, hata mteja akimtajia. Tarehe huiandika kwa jina la mwezi, 3 Julai 2014, kwani Mmarekani hutanguliza mwezi na angeisoma kuwa 7 Machi.

Mtihani mkubwa zaidi ni aina ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatofautisha ndoa ya mke mmoja na ile ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, na ndoa iliyofungwa Kiislamu huchukuliwa kuwa ya aina hii ya pili hadi ithibitishwe vinginevyo. Pale cheti kinapotaja jambo hilo, mteja huweza kuomba liachwe, kwa kuwa sheria ya Marekani humzuia mhamiaji anayekwenda kuishi katika ndoa ya wake wengi. Hofu yake inaeleweka. Hata hivyo, akiliacha, mtafsiri atakuwa ametia saini tamko la uongo. Akiandika "ya wake wengi" bila "inayoweza kuwa", atakuwa amemwongezea mume mke ambaye cheti hakimtaji. Kosa hili la pili, kwa maoni yangu, ni baya zaidi, kwa sababu hufanywa bila nia mbaya na halishtui mtu.

Uthibitisho hausemi kwamba cheti ni halali. Muhuri wa wakili nao, ukiwekwa chini ya tamko hilo, hushuhudia saini, si usahihi wa tafsiri. Vilevile, cheti kikisema Fatma ilhali pasipoti inasema Fatuma, tafsiri hubaki na Fatma, na tofauti hiyo huelezwa na mwombaji katika hati yake tofauti ya kiapo.