«Ametuacha», «ako mzito», «alianguka»: maneno ya heshima na neno wazi kando yake

Simu inalia usiku. Kijana wa Kavumu anayefanya kazi Goma anasikia sauti ya baba yake mudogo: «Mwanangu, jikaze. Mama ametuacha.» Hakuna mtu aliyetamka neno kufa, lakini kijana ameelewa. Amelielewa kwa saa ya simu, kwa lile «jikaze» na kwa namna sauti ilivyoshuka. Maneno yenyewe, yakiandikwa tu kwenye ujumbe wa simu, yangeweza kumaanisha kwamba mama amepanda gari kuelekea Bukavu.

Ndivyo maneno ya heshima yanavyofanya kazi. Yanafunika neno zito ili lisiumize, na anayesikia analifunua mwenyewe. Shida inakuja pale ambapo anayesikia hawezi kulifunua: mtoto mdogo, mgeni, mtu anayesikiliza redio katika kelele ya soko, au muganga ambaye ana dakika chache za kuuliza. Kwa hiyo inafaa kuyapanga maneno haya, na kuweka neno wazi kando ya kila moja.

Kifo

Neno wazi ni kufa. Ni neno la zamani la Kibantu, na hata Mashi ina neno la mzizi huo huo. Kwa nini basi watu wanaliepuka kwenye kilio? Sababu moja ni kwamba kufa hakuchagui. Mbuzi anakufa, kuku anakufa, betri ya redio inakufa, biashara nayo inakufa. Kusema «baba amekufa» mbele ya wajane ni kama kumweka baba katika mstari mmoja na vitu hivyo. Maneno ya heshima yanamtoa katika mstari huo, kwa sababu mengi yake hayasemwi juu ya mbuzi wala betri.

Amefariki: amekufa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kutengana. Kwa ukamilifu ni kufariki dunia, yaani kuachana na dunia.
Ameaga dunia: amekufa.
Ametuacha, ametutoka: amekufa.
Mungu amemuita: amekufa.
Amepumzika, amelala: amekufa.
Marehemu: mtu aliyekufa. Nalo lina asili ya Kiarabu, «aliyerehemewa».
Mwili: maiti.
Amepoteza mtoto: mtoto wake amekufa.

Maneno haya hayana uwazi sawa. Amefariki halina maana nyingine, kwa hiyo linabeba heshima na habari kwa pamoja. Lakini ametuacha, amelala na amepoteza yana maana ya kila siku, na hapo ndipo watu wanapotea. Mama anayesema sokoni «nimepoteza mtoto» anaweza kuwa anatafuta mtoto aliyemwacha mkono dakika tano zilizopita. Mwingine, kwa maneno hayo hayo, amezika juzi. Wa kwanza anahitaji watu wakimbie kutafuta, wa pili anahitaji watu wakae naye.

Wakristo wanakijua kisa cha Lazaro katika Injili ya Yohana, sura ya 11. Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba rafiki yao amelala. Wao wakaelewa usingizi wa kawaida, wakaona ni dalili nzuri, mgonjwa atapona. Ndipo akawaambia wazi kwamba Lazaro amekufa. Neno la heshima lilitangulia, halikueleweka, neno wazi likafuata. Ni hivyo hivyo kwa mtoto wa miaka minne anayeambiwa «baba amelala». Atangoja baba aamke, au yeye mwenyewe ataogopa kulala.

Tuchukue tangazo la kifo kwenye redio. Tuseme familia imeleta karatasi inayosema hivi: «Familia inasikitika kutangaza kuondoka kwa baba yao mpendwa. Safari ya mwisho ni Jumamosi.» Aliyefungua redio akiwa amechelewa atasikia tu safari na Jumamosi. Hakuna haja ya kuondoa heshima. Inatosha kuweka neno moja lisilo na maana mbili, kisha siku, saa na mahali: «Familia inasikitika kutangaza kuondoka kwa baba yao mpendwa, aliyefariki Jumatano. Mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi, kuanzia nyumbani kwake.» Sasa shangazi aliye Katana anajua aje lini, na anajua anakuja kwenye kilio.

Mimba

Hapa neno wazi ni mimba. Si tusi, hata waganga wanalitumia. Lakini kulitamka mbele ya baba mukwe kunaleta haya, kwa sababu linakumbusha jinsi mimba ilivyopatikana. Pia familia nyingi hazipendi kutangaza mapema jambo ambalo bado halijasimama.

Mjamzito, ujauzito: mwenye mimba, mimba. Mja ni mtu, binadamu, na mjamzito ni mtu aliye mzito.
Ako mzito: ana mimba.
Ako na tumbo: ana mimba.
Hayuko peke yake: ana mimba.
Amekosa mwezi: hakuona damu ya mwezi, pengine ana mimba.
Amejifungua: amezaa. Neno hili linamwona mama kama mtu aliyekuwa amefungwa, na sasa amejifungua.
Mimba imeharibika, mimba imetoka: mimba imeisha yenyewe kabla ya wakati.

Hili la mwisho lina hatari yake. Mimba imetoka na ametoa mimba yanakaribiana sana masikioni, lakini la kwanza ni msiba uliompata mama na la pili ni kitendo. Jirani akisikia vibaya, mama aliyefiwa na mimba anageuka mshitakiwa. Ndiyo maana wengi wanaonyamaza juu ya jambo hili wananyamaza hata mbele ya muganga. Na muganga anahitaji kujua, kwa sababu damu inayoendelea kutoka baada ya mimba kuharibika inaweza kuua.

Tuone mfano. Mama anafika kituo cha afya, amefuatana na mama mukwe wake. Muganga anauliza ana shida gani. Anajibu kwa adabu: «Muganga, tumbo inanisumbua tangu jana, na nimeona mwezi.» Kila neno ni sahihi kwa kipimo cha heshima. Lakini muganga aliyesikia tumbo na mwezi anaweza kuandika maumivu ya kawaida ya mwezi, akatoa dawa ya maumivu, akamrudisha nyumbani.

Neno wazi lingebadilisha kila kitu: «Niko na mimba ya miezi mitano. Natoka damu kwa uke tangu jana, na tumbo inauma.» Damu ya mwezi haiji kwa mwenye mimba. Damu yoyote wakati wa mimba inatakiwa kuangaliwa siku hiyo hiyo, hata ikiwa kidogo. Kama mama anamwonea haya mukwe wake, anaweza kuomba kuongea na muganga peke yake, na muganga mzoefu hatangoja kuombwa. Atamwambia mama mukwe kwa upole akae nje kidogo, halafu atauliza tena kwa maneno ya wazi: una mimba? ya miezi mingapi? damu inatoka?

Ugonjwa

Katika ugonjwa kuna jambo moja la kuangalia kwanza. Neno wazi si neno la kudharau. Anayesema «kichwa chake hakiko vizuri» anatumia heshima, anayesema «ana ugonjwa wa akili» anasema wazi, na anayesema «ni kichaa» anamdharau. Watu wengi wanakimbilia neno la kufunika wakidhani kando yake kuna tusi tu. Katikati kuna neno la kawaida, na ndilo la kumpa muganga.

Ana kifua: anakohoa, au ana kifua kikuu.
Ugonjwa wa kuanguka: kifafa.
Ugonjwa ule: mara nyingi ni ukimwi, yaani sida.
Tumbo inakimbia: anaharisha.
Huku chini: sehemu za siri, yaani uke, uume au mkundu.
Hajiwezi: mgonjwa sana, hawezi kusimama wala kula mwenyewe.

Ana kifua ni neno pana. Linafunika mafua ya siku tatu, na linafunika pia kifua kikuu. Kinachotofautisha ni muda. Kikohozi kilichofika wiki mbili au zaidi kinapaswa kupimwa makohozi, hasa kama kuna homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda. Kwa hiyo «ana kifua» lisiende peke yake, liende na siku: «anakohoa tangu wiki tatu.»

Alianguka ni hatari zaidi, kwa sababu linarudi kwenye mimba. Mwenye mimba akitetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu, familia inaweza kusema kwa haya tu kwamba «alianguka», ili jina la kifafa lisishikamane na ukoo. Aliyesikia anatafuta jeraha la kuteleza njiani. Lakini kuna kifafa cha mimba, kinacholetwa na presha ya damu kupanda, na hakihusiani na ukoo kuwa na kifafa. Kinaweza kumuua mama na mtoto kwa saa chache. Dalili zake za kabla ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, na uso au mikono kuvimba. Neno wazi hapa ni fupi: «alitetemeka, hakujitambua, ana mimba.»

Na huku chini? Wakati mpox ilipoenea Kivu ya Kusini mwaka 2024, eneo la afya la Miti-Murhesa, ambamo Kavumu iko, lilipokea wagonjwa wengi, na watoto wengi kati yao. Kwa watu wakubwa vidonda vingine vinaanzia sehemu za siri. Anayesema «nina vidonda huku chini» anaweza kuonyeshwa dawa ya miguu. Hata jina la ugonjwa wenyewe lilibadilishwa ili kuondoa aibu: Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina mpox Novemba 2022, kuchukua nafasi ya lile la zamani lililotaja nyani. Lakini jina lililochaguliwa kwa heshima halimwambii muganga kidonda kiko wapi. Hilo mgonjwa analisema mwenyewe.

Neno la heshima lina kazi yake mlangoni, kwenye kilio na mbele ya wakwe. Mbele ya muganga, kwa mtoto na kwenye tangazo, linaweza kutangulia, mradi neno wazi lifuate nyuma yake. Yule baba mudogo wa simu ya usiku angeweza kusema: «Mwanangu, jikaze. Mama ametuacha. Amefariki saa mbili, tunakungoja.»