Mhadhiri Anapokuita Kuhusu Kazi Inayoshukiwa Kunakiliwa

"Njoo ofisini kwangu haraka." Mwanafunzi wa chuo akipokea ujumbe kama huo kutoka kwa mhadhiri, usingizi humruka. Hajui kosa lake ni nini, wala aende na kitu gani. Barua nzuri humweleza yote mawili bila kumhukumu. Tazama hii, inayohusu insha ya mwanafunzi wa mwaka wa pili:

"Habari. Katika insha yako ya pili, aya mbili za ukurasa wa 3 na moja ya ukurasa wa 5 zinafanana neno kwa neno na makala iliyokwisha chapishwa, bila alama za nukuu wala jina la mwandishi. Ningependa kusikia maelezo yako kabla ya uamuzi wowote. Tukutane ofisini kwangu Jumanne saa 4 asubuhi. Mratibu wa kozi atakuwepo kuandika kumbukumbu. Nimeambatanisha kurasa husika na ripoti ya Turnitin. Kama una rasimu na maandishi ya awali, njoo nayo. Muda usipokufaa, nijulishe kabla ya Jumatatu jioni. Baada ya kikao nitakuandikia kama suala limefungwa au limepelekwa kwenye kamati ya idara, ambako pia utasikilizwa."

Mhadhiri ameandika "zinafanana", hakuandika "umenakili". Kufanana kunaonekana kwenye karatasi. Nani alinakili, na kwa nini, bado hakujajulikana. Asilimia pia ameiacha nje ya barua, na hapo amefanya vyema sana. Asilimia hiyo ya Turnitin hupima mfanano wa maandishi tu. Tuseme ripoti ilionyesha asilimia 38: ukiondoa orodha ya marejeo na nukuu zilizowekewa alama, huenda ikashuka hadi 14, na hizo zote ziko katika aya tatu zilizotajwa. Insha nyingine inaweza kuwa na asilimia 9 tu, nazo zikawa ukurasa mzima wa mtu mwingine. Ndiyo maana kinachojadiliwa ni aya zenyewe.

Kazi za wanafunzi wawili zikifanana, kila mmoja huandikiwa barua yake peke yake, na jina la mwenzake halitajwi. Huenda mmoja alichukua faili la mwenzake bila ruhusa. Barua ya namna hii haipiti kwa kiongozi wa darasa wala kwenye kundi la WhatsApp.

Nawe mwanafunzi, ukiipata, jibu kwa maandishi kwamba utafika. Zisome aya zilizotajwa, kusanya rasimu zako zenye tarehe, kisha soma kanuni za mitihani za chuo chako ujue kama unaruhusiwa kwenda na mtu. Ukiona hujaelezwa ni aya zipi, una haki ya kuuliza kabla ya siku ya kikao.