Amiba: Kutoka Utumboni Hadi Kwenye Ini

Kuhara damu na kamasi huweza kusababishwa na amiba. Kimelea hiki hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mpana, huua seli zake na kuchimba kidonda chenye mdomo mwembamba na tumbo pana, mithili ya chupa. Kikipenya kwenye mshipa wa damu, hufika kwenye ini na kuleta jipu: homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mara nyingi bila kuhara.

Metronidazoli, ambayo wengi huiita flajili, ikiingia ndani ya amiba hugeuka sumu inayokatakata vinasaba vyake. Mtu mzima mwenye jipu huweza kuandikiwa miligramu 750 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Homa hushuka, lakini amiba waliobaki utumboni huhitaji dawa ya pili, kama diloksanidi; bila hiyo, ugonjwa unaweza kurudi.