Kani Zote Zinashuka, Lakini Hazizungushi Upande Mmoja

Mwalimu wa fizikia anamwandikia mwanafunzi wake baada ya kusahihisha swali la msawazo.

Mwanangu,

Nimelirudia swali lako la ubao kwa makini, maana kosa lake ni alama moja tu, ila limebadili kila kitu.

Ubao ulikuwa wa mita 6, uzito wake nyutoni 300 uliosambaa sawasawa. Egemeo A liko kwenye ncha ya kushoto, B liko mita 4 kutoka A, na fundi wa nyutoni 600 amesimama kwenye ncha ya kulia inayoning'inia. Ulichukua momenti kuzunguka B. Hapo ulichagua vizuri, kwa kuwa kani ya B haina umbali kutoka hapo, hivyo inatoka kwenye hesabu. Kisha ukaandika:

4A = 300 × 1 + 600 × 2

Ukapata A = 375, na B = 900 − 375 = 525.

Nadhani uliziunganisha 300 na 600 kwa sababu zote ni uzito, zote zinavuta chini. Lakini katika momenti tunauliza kani inauzungusha ubao upande gani. Weka kidole juu ya B kwenye mchoro. Uzito wa ubao uko katikati yake, mita 1 kushoto mwa B, kwa hiyo unazungusha kinyume cha mshale wa saa. Fundi yuko kulia, anazungusha kama mshale wa saa. A nayo, ikisukuma juu upande wa kushoto, inazungusha upande uleule wa fundi. Basi:

4A + 600 × 2 = 300 × 1
A = −225, na B = 1,125

Ulihakiki kwa kujumlisha 375 na 525, ukapata 900. Hakiki hiyo haikuweza kukuonyesha kosa, kwani B uliipata kwa kutoa kutoka 900 hiyohiyo. Chukua momenti kuzunguka A: mizigo inatoa 300 × 3 + 600 × 6 = 4,500. B yako inatoa 525 × 4 = 2,100 tu. Ile ya 1,125 inatoa 4,500 kamili.

Sasa usiogope hiyo alama ya kutoa, wala usiifute. Tulidhani A inasukuma juu. Hesabu inajibu kwamba inatakiwa kuvuta chini kwa nyutoni 225. Egemeo ambalo ubao umelazwa tu juu yake haliwezi kuvuta. Usipoufunga, ncha ya kushoto itainuka na fundi ataanguka. Jibu lako la 375 lilimwambia yuko salama, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Fundi anaweza kupita B kwa nusu mita tu, maana 600 × 0.5 = 300. Hapo A inakuwa sifuri. Nichoree ubao huo fundi akiwa robo mita kulia mwa B, na kila kani uiwekee mshale wa mzunguko kabla hujaandika mlinganyo.