Katoni Sita Badala ya Arobaini na Moja

Mtunza stoo wetu alikuja ofisini kwangu jioni moja, akafunga mlango, akasema amepata kazi kwingine. Ilikuwa bado haijathibitishwa. Waajiri wake wapya walimtaka awape jina la mkuu wake wa kazi, naye akawapa langu. "Bosi," akaniambia, "nakuomba unisemee vizuri."

Nilimpoteza mtu niliyemtegemea kwa miaka mitatu katika ghala la dawa la jumla, Dar es Salaam, na sikufurahi. Hata hivyo nilimwahidi. Siku mbili baadaye ikaja barua pepe ya meneja wa kampuni ile nyingine, fupi na ya heshima, ikiniomba maelezo kuhusu utendaji wake. Nikakaa nikaandika haraka: ni mchapakazi, mwaminifu, anajituma, ana ushirikiano mzuri na wenzake, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, nawapendekezea bila kusita. Dakika kumi, nikawa nimemaliza. Kabla sijatuma nilifungua barua niliyomwandikia dereva wetu mmoja alipoondoka, nipate kuangalia namna ya kufunga. Maneno yalikuwa yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule. Dereva yule alikuwa mtu wa kawaida tu kazini, na huyu alikuwa amebadilisha ghala zima. Kwa mtu atakayezisoma, barua zile mbili hazikuwa na tofauti yoyote.

Niliifuta, kwa sababu mimi pia nimeajiri watu na nimepokea barua za aina hiyo. Ukisoma kwamba mtu ni mwaminifu, hujui alipimwa kwa jambo gani. Ukisoma kwamba anajituma, unabaki na neno la aliyeandika, ambaye humjui. Meneja anayeajiri anataka kujua mambo matatu: mtu huyu alikuta nini, alifanya nini yeye mwenyewe, na baadaye kilibadilika nini. Akipata hayo, neno "mchapakazi" atalisema mwenyewe.

Kwanza nilimwomba mtunza stoo anitumie tangazo la kazi anayoiendea. Wengi hatufanyi hivyo, na ndiyo maana barua zetu huelea. Tangazo lilisema wanatafuta msimamizi wa ghala la dawa, mwenye uzoefu wa kufuatilia tarehe za mwisho wa matumizi, kupokea mzigo, na kuongoza watu saba. Basi hapo nikajua ni mifano ipi inafaa na ipi niiache. Alikuwa pia amepanga sherehe yetu ya mwisho wa mwaka, vizuri sana, lakini hilo halikuwa na kazi katika barua ile.

Kisha nikaenda kwenye majalada. Kumbukumbu yangu iliniambia kwamba dawa zinazoharibika kwa kupitwa na muda zilipungua sana tangu aje. Zilipungua kwa kiasi gani? Kwa bahati njema, dawa zilizokwisha muda hazitupwi tu. Uteketezaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na fomu hubaki ofisini. Nikazihesabu. Mwaka uliotangulia kuajiriwa kwake tuliteketeza katoni 41. Mwaka wake wa pili, katoni sita. Nilikuwa nimekusudia kuandika "zaidi ya hamsini hadi tano", kwa jinsi nilivyodhani nakumbuka. Tofauti ni ndogo, lakini kama mpokeaji angeniuliza kwa simu ningeanza kubabaika, na meneja akibabaika kwenye hesabu moja, barua yote inatiliwa shaka.

Hii ndiyo barua niliyotuma. Walikuwa wameniandikia kwa Kiswahili, nami nikajibu kwa Kiswahili. Jina nimelifupisha.

Kuhusu: Maelezo ya Bi. S., mwombaji wa nafasi ya Msimamizi wa Ghala

"Ndugu Meneja,

Nashukuru kwa barua yako. Bi. S. amefanya kazi chini yangu kwa miaka mitatu akiwa mtunza stoo wa ghala letu la dawa. Nimekuwa mkuu wake wa moja kwa moja kwa muda wote huo, na yeye ameniruhusu nikuandikie haya.

Alipoanza, katoni zilipangwa kwa majina ya dawa tu, na mzigo mpya uliwekwa mbele ya ule wa zamani. Mwezi wa pili aliomba fedha ya kununua utepe wa rangi. Akabandika utepe mwekundu kwenye kila katoni iliyobakiza miezi mitatu, wa manjano kwa miezi sita, na kila Jumatatu asubuhi alipita rafu zote kubadilisha rangi. Dawa yenye utepe mwekundu ilitoka kwanza, na orodha yake ilifika kwa watu wetu wa mauzo kabla ya saa nne. Mwaka kabla hajaja tuliteketeza katoni 41 zilizopitwa na muda. Mwaka wake wa pili tuliteketeza sita.

Mfano mwingine ni wa kupokea mzigo. Mwaka jana msambazaji alituletea katoni 60 za dawa ya maji ya watoto, saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha, dereva akiwa na haraka. Hati ilionyesha dawa ina miezi 18. Bi. S. alifungua katoni tatu kutoka sehemu tofauti za mzigo, akakuta chupa zimebakiza miezi minne. Alikataa kusaini, akanipigia simu, akapiga picha lebo na hati pamoja. Msambazaji alibadilisha mzigo wote bila gharama kwetu.

Mwanzoni alichelewa kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta. Aliandika kwenye daftari na kuhamishia mwisho wa mwezi, hivyo hesabu zetu za katikati ya mwezi hazikuaminika. Tulizungumza, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa anaingiza kila siku kabla ya kufunga.

Nafasi yenu ina watu saba. Hapa alimsimamia msaidizi mmoja, na msaidizi huyo ndiye anayechukua nafasi yake sasa, kwa kuwa anaijua kazi. Kuhusu kuongoza kundi kubwa sina ushahidi wa kukupa.

Ningekuwa na nafasi ya cheo hicho hapa, ningempa. Nipo kwenye simu ya ofisi iliyo hapa chini siku za kazi mchana."

Ni maneno yasiyozidi mia tatu. Sikuongeza, kwani mifano miwili iliyoelezwa hadi mwisho inamtosha msomaji, na ya tatu ingemchosha.

Aya mbili zilinisumbua, ile ya daftari na ile ya watu saba. Nilihofu namharibia. Nilimpigia mtunza stoo nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya daftari ni kweli, bosi, na watu saba kweli sijawahi kuwaongoza. Iache." Mimi naamini aya hizo mbili ndizo zilizobeba zile nyingine. Mtu anayekiri asichokijua huaminiwa anaposema anachokijua. Kosa nililolitaja lilikuwa na mwisho wake: lilionekana, likasemwa, likarekebishwa, na muda wa marekebisho umetajwa. Kosa ambalo halijarekebishwa na linagusa kazi mpya ni jambo jingine. Huko meneja ana njia mbili za haki: kulisema wazi baada ya kumwambia mhusika kwanza, au kukataa kuandika. Kumsifu mwizi ili akuondokee ni kumpeleka kwenye ghala la mwenzako.

Kuna sentensi niliyoiondoa kabisa. Niliandika kwamba "aliporudi kutoka likizo ya uzazi aliendelea na kasi ile ile." Nia yangu ilikuwa kumsifu. Lakini mpokeaji hakuuliza habari za uzazi, na sentensi ile ingempandia shaka ambayo hakuwa nayo. Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa barua zaidi ya 300 za kupendekeza madaktari kwenye chuo kimoja cha udaktari Marekani. Waliona barua za wanawake zilikuwa fupi kwa wastani na zilibeba zaidi maneno ya kutia shaka, ilhali waandishi walikuwa wanapendekeza. Tangu niyajue hayo, barua ya mwanamke naisoma mara mbili: nimesema alifanya nini, au nimesema tu ni mpole, mtiifu na ana roho nzuri?

Afya, ujauzito, mambo ya nyumbani na mikopo ya mtu havina nafasi katika barua hii hata akiwa rafiki yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ndiyo maana niliandika kwamba ameniruhusu.

Watu huchanganya barua hii na cheti cha utumishi. Cheti ni haki: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema vivyo hivyo kwa aliyefanya kazi angalau wiki nne. Cheti cha Kenya hutaja mwajiri, kazi, mahali na tarehe za kuanza na kuacha. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kutoa barua inayoeleza tabia au utendaji wa mtu. Kwa hiyo ukiandika, umejitolea, lakini kujitolea hakukuondolei wajibu wa kuwa mwangalifu. Uingereza, mwaka 1994, mahakama ya juu kabisa iliamua katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance kwamba mwajiri anayetoa maelezo ya mfanyakazi wake wa zamani anawajibika kwake kuyaandaa kwa uangalifu. Barua mbovu ilikuwa imemfungia mtu yule mlango wa kazi.

Meneja wa kampuni ile alinipigia siku tatu baadaye. Hakuuliza kama Bi. S. ni mwaminifu. Aliuliza utepe ulibandikwa upande gani wa katoni, na kama msaidizi wake aliweza kuifanya kazi ya Jumatatu yeye asipokuwepo. Nilimjibu: upande unaotazama njia, na ndiyo, aliifanya wiki zote nne za likizo yake ya mwaka jana. Kisha akauliza kama watu saba watamshinda. Nikamwambia sijui, na kwamba ningekuwa yeye ningemwanzishia na watatu.

Alianza kazi huko mwezi uliofuata, akiwa na watatu.