Mapigo 30 Yasiyofika 30

Tuchukue kiwanja cha ufukweni chenye mchanga laini sana, maji ya ardhini yakiwa mita 2 kwenda chini. Kwenye ripoti ya udongo, katika kina cha mita 6, kumeandikwa 9, 13, 17. Hayo ni mapigo ya nyundo ya kilo 63.5 iliyoangushwa kutoka sentimita 76 ili kuzamisha bomba la kuchukulia sampuli, na kila tarakimu ni ya sentimita 15. Ile ya kwanza huachwa, kwani udongo wa sakafu ya shimo umeshavurugwa na uchimbaji. 13 na 17 ni 30, na hiyo ndiyo N. Kwa mchanga, 30 ni mpaka wa kuingia kwenye kundi la mchanga ulioshikamana vizuri.

Lakini nyundo ya kamba hupoteza nguvu kwa msuguano, na siku hizi mapigo hulinganishwa na nyundo inayofikisha asilimia 60 ya nishati yake. Tuseme hii ilipimwa ikafikisha 45. Nyundo dhaifu hupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo 30 × 45/60 hutupa 22.5.

Kina nacho kina neno lake. Mchanga uleule ukibanwa na uzito mkubwa juu yake hudai mapigo mengi zaidi, ndiyo maana tunarudisha kila kipimo kwenye mgandamizo wa kilopaskali 100. Hapa uzito wa udongo, baada ya kutoa msukumo wa maji, ni kama 73. Kipeuo cha pili cha 100/73 ni 1.17, nasi tunapata 26. Karibu na uso wa ardhi kizidishi hiki hupaa mno, hivyo wahandisi wengi hukizuia kisizidi 2.

Sasa maji. Mchanga laini ulioshikamana, ukipigwa ghafla, hutaka kutanuka. Maji hayawahi kuingia kwenye vinyweleo vyake vyembamba, kunatokea mvuto unaobana chembe, na bomba hukataa kuzama. Terzaghi na Peck, mwaka 1948, walishauri kilichozidi 15 kigawanywe kwa mbili: 15 + (26 − 15)/2, yaani takriban 20. Chini ya 15 kanuni hii haitumiki. Wala isitumiwe kwenye hesabu za mchanga kuyeyuka wakati wa tetemeko, kwa sababu chati zake zilitengenezwa bila punguzo hilo.

Kwa hiyo mchanga wetu ni wa ushikamano wa wastani.

Kosa ninaloliogopa zaidi huenda upande wa pili. Mchimbaji akiacha maji ya shimoni yashuke chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji ya nje husukuma kuingia kupitia sakafu na kuulegeza mchanga. Utamgundua kwa kamba ya kupimia: shimo lilichimbwa mita 6, kamba inasoma 5.6, kwa kuwa mchanga umepanda ndani ya bomba la kinga. N ya hapo itakuwa ndogo kuliko haki yake, na hakuna kizidishi cha kuiponya. Shimo hujazwa maji, husafishwa taratibu, na jaribio hufanywa upya kwenye mchanga ambao haujaguswa.