Tano Sambamba na Nota Ongozi: Kosa li Wapi?

Miongoni mwa maswali yaliyotufikia ni la mwalimu mmoja wa muziki. Mwanafunzi wake alisoma kanuni iliyofasiriwa kwa maneno haya: "Ni marufuku kutumia tano." Kwa kuitii, aliondoa nota ya tano katika kila fungu la nota aliloandika. Wimbo wake ukatoka mwembamba, naye akapunguziwa alama. Kosa hilo lilianzia kwa mfasiri, aliyelisahau neno moja, nalo ni "sambamba". Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini neno hilo ndilo linalobeba maana yote.

Kanuni yenyewe inahusu korali, yaani wimbo wa ibada wa Kilutheri ulioandikwa kwa sauti nne. Mfano unaofuatwa aghalabu ni korali za Johann Sebastian Bach, zilizotolewa huko Leipzig kati ya mwaka 1784 na 1787, baada ya kifo chake. Katika uandishi huu kila sauti hutakiwa iwe na njia yake, hata msikilizaji aweze kuifuata peke yake. Kinachoadhibiwa ni kupotea kwa sauti moja kati ya hizo nne.

Hupoteaje? Nota mbili zilizoachana kwa oktava hutetemeka kwa uwiano wa 2 kwa 1. Zilizoachana kwa tano, kwa uwiano wa 3 kwa 2. Uwiano huo mwepesi huzifanya zichanganyike mno sikioni. Mafundi wa kinanda kikubwa cha kanisani wanalijua jambo hili: huweka filimbi za oktava na za tano juu ya nota moja, na mpiga kinanda akibonyeza kidole kimoja, msikilizaji husikia nota moja iliyokolea. Basi waimbaji wawili wakiachana kwa tano, kisha wakahama pamoja na kuachana kwa tano tena, sikio huwahesabu kuwa mmoja. Tano moja iliyotulia haina kosa. Kosa ni tano mbili kufuatana katika sauti zile zile mbili zinapohama.

Tutazame mfano. Fungu la kwanza limejengwa juu ya fa: sauti ya nne inaimba fa, ya tatu do, ya pili fa, ya kwanza la. Tunataka kwenda kwenye fungu la so. Mwanafunzi mvivu humpandisha kila mwimbaji hatua moja: so, re, so, ti. Hapo sauti ya nne na ya tatu zimetoka fa na do zikaenda so na re, nazo ni tano sambamba. Sauti ya nne na ya pili zimetoka fa zikaenda so, nazo ni oktava sambamba. Sauti nne zimekuwa kama mbili.

Dawa yake ni kuziendesha sauti kinyume. Sauti ya nne ipande kutoka fa hadi so, na zile tatu zishuke: ya tatu kutoka do hadi ti, ya pili kutoka fa hadi re, ya kwanza kutoka la hadi so. Fungu ni lile lile la so, ti na re, lakini kila mwimbaji ana njia yake.

Katika fungu hilo ti imo mara moja tu, katika sauti ya tatu. Ti ndiyo nota ongozi: iko nusu hatua chini ya do, na sikio huingojea ipande. Ikiimbwa na sauti mbili, mwandishi amejifunga. Zote mbili zikipanda hadi do, oktava sambamba zimezaliwa. Moja ikielekezwa kwingine, mvuto wake umekatizwa. Kwa hiyo kanuni hizi mbili zina shina moja.

Hata hivyo, kanuni hizi si sheria za sauti popote duniani. Katika karne ya 9 vitabu vya Ulaya vyenyewe vilifundisha kuimba kwa tano sambamba, na Wagogo wa Tanzania huimba kwa nne na tano sambamba kwa ufundi mkubwa. Huko mchanganyiko ndio unaotafutwa. Katika korali hutafutwa utengano.

Kwa sababu hiyo tunashauri ifasiriwe "mwendo wa tano sambamba" na "kurudufu nota ongozi". Istilahi ya kwanza inataja mwendo, ya pili inataja kurudia. Na mwanafunzi akisoma ataijua tano anayopaswa kuiacha mahali pake.